Uniti Moja, Ndoo 120

Geji ilisoma baa 8, na pampu ilikuwa imezimwa.

Wajumbe wa kamati ya mapokezi walikuwa wamebanana ndani ya kibanda cha mashine, wengine wakichungulia mlangoni, na msimamizi wa mkandarasi alikuwa akiwaonyesha mshale. "Presha ipo," alisema, na watu wakaitikia. Kweli presha ilikuwepo, ila haikuwa ya pampu. Ilikuwa ya maji yaliyopandishwa muda mfupi kabla, yakajaa ndani ya bomba mpaka kwenye tangi juu ya kilima, mita 82 kutoka pale tuliposimama. Maji yaliyosimama huelemea kilicho chini yake, na kila mita 10 hutoa karibu baa 1. Ungeweza kuing'oa pampu ile na kwenda nayo nyumbani, mshale ungebaki kwenye 8 ilimradi vali ya mbele yake imefungwa.

Nikaomba pampu namba 2 iwashwe. Mota ikanguruma vizuri, feni ikapuliza, na mshale ukabaki palepale kwenye 8. Mita ya maji haikusogea. Mota ilikuwa inazunguka kinyume, kwa sababu nyaya mbili kati ya tatu za umeme zilikuwa zimebadilishana nafasi. Pampu ya aina hii ikizungushwa kinyume hutoa nguvu kidogo tu, haitoshi kuyainua maji yanayoisubiri mbele, kwa hiyo vali isiyorudisha maji haikufunguka hata kidogo. Fundi alibadilisha nyaya mbili, akawasha tena, na safari hii mshale ukapanda mpaka 9.1. Ilichukua dakika 10 kurekebisha. Kwenye karatasi ya majaribio iliyokwisha kujazwa wiki ile, mbele ya "Pampu namba 2", paliandikwa neno moja: "Sawa".

Nimefanya kazi ya kupokea vituo vya kusukuma maji kwa miaka mingi, na neno hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote ndani ya faili la makabidhiano. Watu wengi hudhani faili hilo ni la wakaguzi wa hesabu, mzigo wa karatasi unaoambatana na hati ya malipo. Kwa mhudumu wa pampu, faili ni kama kadi ya kliniki ya mtoto. Uzito wa leo hauna maana kama hujui uzito wa kuzaliwa. Pampu ikianza kuchoka baada ya miaka mitatu, kitu pekee kitakachoonyesha kwamba imechoka ni namba zilizoandikwa siku ilipokuwa mpya, na siku hiyo hairudi.

Kituo ninachokizungumzia kiko katika kijiji cha wafugaji na wakulima, katikati ya Tanzania. Maji ya kisima kirefu hukusanywa kwenye tangi la chini. Kutoka hapo pampu mbili zinazopokezana huyasukuma kupitia bomba la plastiki la milimita 160, lenye urefu wa mita 2,400, hadi tangi la kilimani. Usanifu ulidai mita za ujazo 36 kwa saa, yaani lita 36,000. Kilima ni mita 82, na msuguano wa maji ndani ya bomba unaongeza karibu mita 12, hivyo pampu ilitakiwa kusukuma kama vile kilima kina mita 94. Kwenye geji hiyo ni baa 9.2. Tofauti ya 8 na 9.2 inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha maji yanayopanda na maji yaliyosimama.

Kwa sababu hiyo karatasi ya majaribio yenye faida huwa na nafasi mbili kwa kila geji: pampu ikiwa imezimwa, na pampu ikiwa inafanya kazi. Huwa na tarehe, saa, aina ya kifaa kilichotumika kupimia, namba iliyotarajiwa, namba iliyopatikana, na majina ya waliokuwepo. Ipo pia namba ya tatu ninayoidai siku zote. Ni ya pampu ikiwa inazunguka na vali ya mbele imefungwa kabisa kwa muda usiofika dakika moja. Maji hayaendi kokote, na geji ya pampu yenyewe inaonyesha nguvu ya juu kabisa iliyo nayo. Pampu zote mbili za pale zilitoa 11.6. Jaribio hilo halihitaji mtaalamu wala mashine ya kupimia, na mhudumu anaweza kulirudia kila baada ya miezi sita. Siku geji hiyohiyo itakaposoma 11, atajua kwamba vyuma vya ndani vimelika, hata kama maji bado yanafika kijijini.

Pampu namba 1 ilikuwa safi tangu mwanzo. Presha 9.1, mita ya maji ikionyesha 37 kwa saa, umeme kilowati 15. Pampu hupimwa kwanza kiwandani, na kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 9906, katika daraja linalotumika sana kwa pampu za maji, huruhusu kiasi cha maji kupungua au kuzidi kwa asilimia 8. Thelathini na saba ilikuwa ndani kabisa ya mpaka huo. Msimamizi wa mkandarasi alitaka tusaini tukale. Nilimwomba saa mbili zaidi, tukapime kwenye tangi.

Jaribio la tangi ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa kuwa tangi halina betri, halina skrini, na halijafungwa na mtu anayetaka kulipwa. Lile la kilimani ni la duara, upana wake mita 6.5 kwa ndani, hivyo kila mita moja ya kina ni mita za ujazo 33 na kidogo. Tulifunga vali ya kwenda kijijini ili maji yasitoke. Tukateremsha fito yenye alama mpaka sakafuni, tukaandika kina na saa, tukapiga simu chini wawashe pampu namba 1. Kama maji 37 kwa saa yangefika yote, kina kingepanda mita 2.2 kwa saa mbili.

Kilipanda mita 1.78.

Piga hesabu: 1.78 mara 33.2 ni mita za ujazo 59 kwa saa mbili, yaani 29.5 kwa saa. Mita ya chini inasema 37 zimeondoka, tangi la juu linasema 29.5 zimefika. Saba na nusu zimepotea njiani kila saa, na ukizigeuza kuwa ndoo za lita 20 ni ndoo 375.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu pengo kama hilo lina maelezo mawili na ni rahisi kuchagua lisilokugharimu. Mkandarasi alisema mita ya maji inadanganya, na hakuwa amekosa hoja. Mita iliyofungwa karibu mno na kona au vali husoma vibaya, maana maji huingia yakizungukazunguka. Ndiyo maana watengenezaji wengi hudai kipande cha bomba lililonyooka mbele yake, mara nyingi mara 10 ya upana wa bomba. Pale mita ilikuwa karibu na kona. Angeweza kuwa sahihi.

Maelezo ya pili ni kwamba bomba linavuja. Kuyatenganisha hayo mawili hakuhitaji kuchimba. Tulizima pampu, tukafunga kwa mkono vali ya kituoni ili asiwepo mtu wa kusema maji yanarudi kupitia pampu, kisha tukakaa na kuitazama geji ya bomba kuu, iliyofungwa mbele ya vali zote. Bomba lile huingia tangini kwa juu, kwa hiyo maji ya tangi hayawezi kurudi kulijaza. Bomba lililo zima lingebaki na baa 8 hadi kesho yake. Kama kosa ni la mita peke yake, mshale usingesogea. Ulianza kushuka ndani ya dakika 10. Kabla ya saa kuisha ulikuwa umefika 6.

Tuligawana njia, wengine wakitoka kituoni na wengine wakitoka kilimani. Hata hivyo jibu lilitoka kwa mzee mmoja tuliyemkuta kwenye bonde, akiwa na ng'ombe wake. "Mnatafuta maji?" alituuliza. "Maji yapo hapa, wiki ya pili sasa." Ng'ombe walikuwa wanakunywa kwenye dimbwi safi chini ya kichaka. Juu ya dimbwi palikuwa na shimo la vali ya kusafishia bomba, ile inayowekwa mahali pa chini kabisa ili mchanga na tope vitolewe. Usukani wake ulikuwa umekazwa mpaka mwisho, lakini vali haikuwa imefunga. Ilipofunguliwa ikakutwa kokoto ndogo kuliko punje ya hindi imebanwa kwenye kiti cha vali.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa karatasi ya jaribio la bomba, iliyokuwa tayari ndani ya faili. Bomba lilikuwa limejazwa maji, likapandishwa presha kupita ile ya kazi, likaachwa saa zilizotakiwa, na presha haikushuka. Karatasi ilisainiwa na haikuwa na uongo wowote. Lakini tarehe yake ilitangulia siku bomba liliposafishwa. Walipima kwanza, kisha wakafungua vali za kusafishia kutoa mchanga wa ujenzi, na mchanga ukaacha kokoto moja mlangoni. Jaribio la kweli lilifanywa kwenye bomba ambalo siku 12 baadaye halikuwa lilelile. Tangu hapo ninapopokea faili huzipanga karatasi zote za majaribio kwa tarehe kabla ya kusoma matokeo, na kujiuliza baada ya kila moja: nini kiliguswa baada ya hapa?

Vali ilisafishwa, ikafungwa, na kesho yake tukarudia kila kitu. Bomba lilishika baa 8 usiku kucha. Mita ilisoma 36, chini kidogo ya jana yake, jambo la kawaida, maana sasa maji yote yalikuwa yakisafiri njia nzima na kusuguana nayo. Geji ilisoma 9.2. Tangini kina kilipanda mita 2.16 kwa saa mbili, ambazo ni karibu 36 kwa saa. Mita ya chini na tangi la juu zilikuwa zimekubaliana, na malalamiko dhidi ya mita yakafutwa.

Karatasi za siku zote mbili ziliingia kwenye faili. Mkandarasi alitaka ile ya kwanza itupwe kwa sababu ilikuwa ya jaribio lililoshindwa. Nilimweleza kwamba yenye thamani kubwa ni hiyo, kwa kuwa inamwonyesha mhudumu namba za kituo kinachovuja zinavyofanana: geji nzuri, mita nzuri, umeme uleule, na tangi linalochelewa kujaa.

Yapo majaribio mengine ambayo sitayaeleza yote. Mota na nyaya zake hupigwa mega kabla ya kuwashwa mara ya kwanza, na karatasi lazima iandike namba ya megaomu. Hukatwa umeme ghafla pampu ikiwa kwenye nguvu kamili, kama umeme unavyokatika siku zote, ili kuona presha inaruka mpaka wapi maji yanaporudi kwa kishindo. Pale iliruka ikafika baa 11 na kidogo, na bomba lilikuwa la baa 16. Bomba la chuma lingeruka zaidi, kwa sababu plastiki hujivuta kidogo na kumeza sehemu ya kishindo.

Jaribio moja nitakaa nalo, maana niliwahi kulifanya vibaya, miaka mingi nyuma, katika kituo kingine. Ndani ya tangi la chini huwekwa boya linalozima pampu maji yakipungua. Pampu ikizunguka bila maji, sehemu inayozuia maji yasitoke kwenye shafti, ambayo mafundi huiita sili, huungua kwa muda mfupi. Siku ile tangi halikuwa limejaa vya kutosha, na ili tuendelee na majaribio mengine fundi umeme aliunganisha kipande cha waya ndani ya paneli ili boya lirukwe. Jioni tulijaza karatasi. Mbele ya "Kinga ya maji kuisha" tuliandika "Imejaribiwa", kwa sababu boya lilikuwa limeinuliwa na kushushwa kwa mkono asubuhi, kabla ya waya. Waya ule ulibaki ndani ya paneli. Kiangazi kilichofuata kisima kilipungua maji, tangi likakauka usiku, na pampu ikazunguka mpaka asubuhi. Kijiji kilikaa wiki tatu kikisubiri sili na beringi. Sahihi yangu ipo kwenye karatasi ile.

Sasa sikubali boya linaloinuliwa kwa mkono. Maji ya tangi hutolewa kweli mpaka pampu ijizime yenyewe, na karatasi huandika kina kilichobaki ilipojizima na kina kilipofika iliporuhusu kuwashwa tena. Katika kituo hiki ilikuwa sentimita 60 na sentimita 120 kutoka sakafuni. Jaribio hilo hufanywa la mwisho kabisa, paneli ikiwa imefungwa, na baada yake hakuna mwenye ruhusa ya kuifungua kabla ya makabidhiano.

Sehemu ya pili ya faili ni orodha ya mambo yaliyobaki. Hakuna kituo kinachokabidhiwa bila orodha, na mimi humwogopa anayeniletea faili lisilo nayo. Mikataba ya ujenzi inalikubali jambo hili waziwazi. Katika Kitabu cha Njano cha FIDIC cha mwaka 1999, mkataba wa mfano unaotolewa na shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri kwa kazi ambazo mkandarasi husanifu mwenyewe, kazi inaweza kupokelewa hata kama kuna mambo madogo yasiyokamilika, ilimradi hayaathiri kwa kiasi kikubwa matumizi yake. Kitabu hichohicho kinasema kazi haihesabiki kuwa imekamilika kwa ajili ya kupokelewa mpaka miongozo ya uendeshaji na matengenezo iwe imewasilishwa. Na hati ya kupokea ikishatolewa, kazi ikiwa imefaulu majaribio yote yaliyotakiwa, nusu ya fedha zilizozuiliwa kwenye malipo ya mkandarasi huachiwa. Nusu nyingine hungoja kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja. Kwa hiyo orodha ndiyo inayoamua nini kinadaiwa kwa nusu iliyobaki. Kisichoandikwa hakidaiwi.

Orodha yetu ilikuwa na mambo 14. Tuliyagawa mafungu mawili kwa swali moja: je, kituo kinaweza kuendeshwa kwa usalama kesho asubuhi jambo hili likiwa bado? Vali ya bondeni ilikuwa imekwisha tengenezwa. Mwongozo haukuwepo, na huo ulizuia makabidhiano. Yaliyobaki yangeweza kusubiri, kama uzio usiokamilika, kioo cha geji kilichopasuka, na sili za akiba zilizokuwa kwenye mkataba lakini hazijaletwa.

Rasimu ya kwanza ya orodha ilikuwa na mstari huu: "Marekebisho madogo ya umeme yafanyike." Mstari kama huo hauwezi kufungwa, kwani hakuna atakayejua umekwisha lini. Tuliuandika upya hivi: paneli ya pampu namba 2, taa nyekundu ya hitilafu haiwaki rilei ya joto inapokata, anayehusika, fundi umeme wa mkandarasi, mwisho, tarehe 30 ya mwezi huu, uthibitisho, rilei ikatwe kwa kitufe chake cha majaribio mbele ya mhudumu, na mhudumu asaini. Neno "mhudumu" liliingizwa kwa makusudi. Mhandisi msimamizi ataondoka, na fundi wa mkandarasi ataondoka. Atakayeitazama taa ile usiku ni mhudumu.

Tanzania Bara, tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, miradi ya vijijini iko chini ya RUWASA, na inaendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mhudumu wetu aliajiriwa na chombo hicho. Ni mama wa makamo, amemaliza kidato cha nne, na hapo nyuma aliwahi kuendesha mashine ya kusaga. Mwongozo ulioletwa kwake mara ya kwanza ulikuwa kurasa 212 za Kiingereza, kutoka kwa mtengenezaji wa pampu, na ulieleza aina tisa za pampu ambazo moja tu ilikuwa mbele yake. "Mhandisi," aliniambia, "hiki nikikifunika hakifunuki tena."

Alikuwa na haki. Kitabu cha mtengenezaji kina mahali pake mwishoni mwa faili, kwa ajili ya fundi atakayekuja na spana. Mwongozo wa kituo ni kitu kingine, na unaanza na karatasi moja inayobandikwa ukutani. Tuliiandika kwa kumfuata yeye. Aliwasha pampu mara sita mbele yetu, akisema kwa sauti kila anachofanya, na mmoja wetu akaandika. Tazama maji ya tangi la chini. Fungua vali ya kuingizia maji mpaka mwisho. Toa hewa kwenye pampu mpaka maji yatoke bila mapovu. Vali ya mbele iwe imefungwa. Washa. Fungua vali ya mbele polepole, kwa muda wa karibu dakika moja, ukitazama geji. Ikitulia, andika. Wakati wa kuzima, funga vali ya mbele polepole kwanza, ndipo uzime. Usiiache pampu ikizunguka na vali imefungwa, maana maji yaliyomo hupata moto.

Chini ya hatua hizo zilifuata namba za siku ya kwanza, kwa maandishi makubwa: geji pampu ikizimwa 8, ikifanya kazi 9.2, vali ikifungwa 11.6, mita 36 kwa saa, tangi la juu mita 1 na sentimita 8 kwa saa vali ya kijijini ikiwa imefungwa. Kisha zikaja sentensi chache za "ukiona". Ukiona mshale unabaki kwenye 8 pampu ikinguruma, maji hayapandi, zima. Ukiona mshale umepita 9.2 na mita imepungua, kuna kizuizi mbele, kagua vali. Ukiona geji na mita ni nzuri lakini tangi linachelewa, tembea bondeni.

Namba ya mwisho tuliitafuta naye mezani. Pampu hula kilowati 15, yaani kila saa uniti 15 za umeme zinaondoka kwenye LUKU, na katika saa hiyo hupandisha lita 36,000. Gawanya, unapata lita 2,400 kwa uniti moja. Gawanya tena kwa 20.

"Uniti moja, ndoo 120," alisema mwenyewe.

Zile siku vali ya bondeni ilipokuwa inavuja, uniti moja ilikuwa inafikisha ndoo 98 tangini. Hesabu hiyo inafanyika mwisho wa mwezi kwa daftari na kalamu: maji yaliyofika tangini kwa mita ya pale juu, gawanya kwa uniti zilizotumika. Haitasema ugonjwa ni upi, kwani pampu iliyolika na bomba linalovuja zote huishusha. Lakini itasema kwamba upo, na hapo ndipo jaribio la vali iliyofungwa na jaribio la mshale usioshuka hutumika kuchagua. Ndiyo sababu mita ya kilimani, ambayo haikuwa kwenye michoro ya awali, iliongezwa kabla ya makabidhiano.

Kurasa zilizobaki za mwongozo tulizipitia haraka: kazi za kila siku, za kila wiki na za kila mwaka, orodha ya vipuri na namba zao, mahali lilipo kila boya na kila swichi, michoro inayoonyesha bomba lilivyolazwa kweli, pamoja na ile vali ya bondeni ambayo mchoro wa awali ulikuwa umeiweka mita 60 kutoka ilipo. Nakala moja ya faili ilibaki kituoni, moja ofisi ya chombo, moja wilayani.

Wiki moja baada ya makabidhiano yule mzee wa bondeni alikuja kituoni na wenzake wawili. Dimbwi lilikuwa limekauka. Hawakuja kwa ugomvi, walitaka kujua kama maji yatarudi. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka jambo lao liandikwe kwenye orodha ya mambo yaliyobaki, liwe la 15, ili mkandarasi ajenge mbauti. Ilibidi nikatae, na haikuwa rahisi mbele ya wazee. Orodha ile ni ya yale yaliyoahidiwa kwenye mkataba na hayajatimia, na mbauti haikuahidiwa. Ukiingiza humo kazi mpya, mkandarasi anapata sababu ya kubishana hata juu ya zile 14 za halali.

Tuliiandika kwenye karatasi yake, kama ombi la chombo, kwa mtindo uleule: mbauti moja chini ya vali ya bondeni, yenye boya na mita yake ndogo, anayehusika, tarehe ya mwisho. Ukanda wa uthibitisho ulibaki wazi kwa muda, hatukujua tuandike nini. Mama mhudumu akachukua kalamu na kuandika: mzee alete ng'ombe wanywe, mita isomwe kabla na baada.